Zamu Unayotoa, Zamu Unayochukua

Mwanangu wa pekee anatunza wazee wa watu Uingereza, nami huku Garsen namwandikia barua zake za kazini. Akitaka kubadilishana zamu na mwenzake, hunitumia voisi kwa Kiswahili. Mimi huisikiliza nikiwa kibarazani na chai yangu ya tangawizi, nikaigeuza iwe Kiingereza cha ofisini, nikamrudishia, naye akaituma kwa meneja wake. Majirani wakiniuliza mwalimu mstaafu anainamia simu kutwa anatafuta nini, huwaambia niko kazini, na wala sidanganyi.

Najua mtauliza. Mtu aliyepanda ndege kwa kibali cha kazi, akafanya mtihani wa Kiingereza akaupita, anaandikiwaje barua na mama yake? Swali zuri. Kiingereza cha kusema anacho tele. Wazee wake anawachekesha, anawabembeleza ili wale chakula, na yupo bibi mmoja asiyekubali kuchanwa nywele ila na yeye. Kilichomshinda ni kile cha kumwandikia mkubwa wake wa kazi. Na chanzo chake kilikuwa kosa ambalo lingefanywa na yeyote aliyekulia kwenye mashamba ya mpunga ya huku kwetu.

Huku kwetu mpunga ukianza kutoa punje, ndege hawana haya. Familia hupeana zamu za kukaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti katikati ya shamba, kupiga makelele na kurusha madonge ya udongo kwa kombeo. Ukiwa na dharura unamwita jirani tu: "Nishikie leo, kesho nitakushikia." Basi, mambo yamekwisha. Ndege hawana meneja. Mwanangu alikulia juu ya madungu hayo kule Golbanti kwa babu yake, na desturi hiyo akaenda nayo mpaka kwenye nyumba ya wazee. Mwenzake mmoja, binti kutoka Ufilipino, alimwambia anaumwa na jino, amshikie zamu. Akamshikia. Siku zilizofuata yule binti naye akalipa zamu yake. Hakuna mzee aliyelala bila kuoshwa wala aliyekosa uji.

Lakini meneja alipotazama ratiba aliona jina la huyu, na aliyekuja kazini alikuwa yule. Akawaita ofisini wote wawili na kuwapa onyo. Kwao jina lililo kwenye ratiba ndilo linaloitwa moto ukiwaka, na ndilo linaloulizwa mzee akianguka. Ukitaka kubadilishana, unaomba kwa maandishi, na meneja akubali kwanza, ndipo ratiba ibadilishwe. Mwanangu alishangaa kweli kweli. Yeye alidhani amefanya wema, kumbe amevunja sheria.

Mara iliyofuata akaandika mwenyewe. Aliandika kama anavyozungumza na shemeji yake: nataka unipe Jumanne, nitafanya Alhamisi. Meneja akamjibu kwa mstari mmoja mkavu kwamba ombi na amri ni vitu viwili. Mtoto akanipigia simu analia.

"Mama, mimi nilimwomba. Wallahi nilimwomba kwa heshima zote."

"Heshima uliiacha moyoni, mwanangu," nikamwambia. "Hukuiandika. Kuanzia leo maombi yako yalete kwangu."

Nilisema hivyo kwa majivuno, nanyi mtayaona yalipoishia. Mimi nilizaliwa miaka ya hamsini, enzi ambazo barua ya Kiingereza haikutoka nje bila koti na tai. Baba yangu ndiye aliyewaandikia watu wa mtoni barua za kupeleka kwa Bwana Shauri, yule ofisa wa kikoloni, na Kiingereza cha barua nilikipata kwa kumchungulia begani. "Ninayo heshima kukuarifu" ndiyo ilikuwa hodi, na "mimi mtumishi wako mtiifu" ndiyo ilikuwa kwaheri. Nilipokuja kuwa mwalimu nikawafundisha watoto wa watu hivyo hivyo, na aliyemsahau mtumishi mtiifu aliandika upya barua yote.

Kwa hiyo barua yangu ya kwanza kwa meneja wa mwanangu ilikuwa ya kutundikwa ukutani. Nilianza na heshima niliyo nayo. Nikauliza hali yake na hali ya wazee wake. Nikausifu uongozi wake wenye busara. Nikaeleza kwamba mwanangu ana miadi na daktari wa macho, nikaeleza na umuhimu wa macho. Mwisho kabisa, baada ya kumsihi kwa unyenyekevu mkubwa, ndipo nikaitaja Jumanne.

Jibu likaja siku hiyo hiyo. Meneja aliandika kwamba anashukuru kwa barua nzuri, ila imembidi aisome mara mbili akiitafuta siku. Mara ijayo anahitaji mambo matatu tu: zamu unayotoa, zamu unayochukua, na nani amekubali kubadilishana nawe. Sababu si lazima, hayo ni mambo yako binafsi.

Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Mambo yako binafsi! Kwetu mtu akija kuomba bila kusema kisa, tunasema hakufundwa. Nikamsomea mdogo wangu, ambaye tunaishi naye ua mmoja, nikitaraji anionee huruma. Yeye alicheka akashika mbavu.

"Dada, leo umepewa sifuri wewe."

"Sifuri ya nini? Yeye ndiye hajui barua."

"Yeye ndiye anayejua zamu," akasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Ikabidi nijifunze upya uzeeni. Na nilipozoea, nikaipenda kazi hiyo kuliko ilivyostahili kupendwa. Nikajua kwamba zamu hubadilishwa kwa zamu, si kwa ahadi. Nikajua kwamba aliyetoka zamu ya usiku haruhusiwi kuingia ya mchana bila kupumzika saa zake za kutosha, hata kama mwenyewe anaapa hana usingizi. Nikajua kwamba katika kila zamu lazima awepo mtu aliyepata mafunzo ya kugawa dawa, na asiyeyapata hawezi kuchukua nafasi ya aliyeyapata, hata awe hodari vipi. Mwanangu alipomaliza mafunzo hayo tulifurahi sana, kumbe tulikuwa tunajifunga kamba, maana tangu hapo ikawa vigumu zaidi kumpata wa kubadilishana naye.

Zaidi ya yote nikawa fundi wa kukata. Mwanangu hajui kuomba bila kisa. Voisi zake zilikuwa na mvua, treni iliyochelewa, mwenye nyumba anayekuja kutengeneza bomba, na rafiki aliyejifungua. Mimi nayasikiliza yote, nacheka peke yangu, kisha nayakata yote. Yanabaki mambo matatu, na "tafadhali" moja mbele, na "asante" moja nyuma. Meneja akawa anajibu kwa neno moja tu la kukubali, nami nalipokea kama alama ya mtihani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nilifiwa na mume wangu zamani, mwanangu akiwa bado na sare ya shule. Tangu hapo sikutafuta mtu. Kisha akaja huyu bwana. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo hapa wilayani, mtu ambaye amechanja ng'ombe wa wafugaji Waorma mpaka ng'ombe wenyewe wanamjua wakamkimbia. Amestaafu, amefiwa na mke, ana kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake mwembamba. Alianza kwa kuniletea kambare, kisha ndizi, kisha akaja mikono mitupu akakaa tu, na hapo ndipo nilipojua mambo yameiva. Nilimpenda. Naandika hivyo bila haya yoyote, na umri wangu mnao hapo juu.

Watu wake walipokuja kuposa, wangu wakawapokea, na mchungaji akatupangia Jumamosi moja. Palibaki mwanangu. Na hapa ndipo kwenye desturi yetu: mzazi hamwambii mwanawe kwa mdomo wake kwamba anaolewa. Habari kama hiyo hupitia kwa mtu wa kati, na jibu hurudi kwa mtu wa kati, ili kila mmoja awe na mahali pa kuficha uso. Nikamtuma mdogo wangu. Akampigia simu mpwa wake, akaongea naye ndani, mimi nikiwa nje nimesimama nikijifanya naanua nguo.

Akatoka.

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

"Amesikia, halafu?"

"Halafu amesema yuko kwenye basi, tutaongea."

Hawakuongea. Zikapita wiki, na mtoto akawa kimya kuhusu hilo moja tu. Voisi za zamu zilikuja kama kawaida. "Mama shikamoo, niandikie natoa Jumatano nachukua Ijumaa." Marahaba mwanangu, hii hapa. Hakutaja harusi, nami sikutaja, kwa kuwa kinywa changu kilifungwa na desturi na chake kilifungwa na nisilolijua. Alimpenda baba yake mno. Nilihofu kwamba ananiona nimemfukia mara ya pili.

Na kwa nini jibu lake lilinikaa rohoni hivyo? Kanisani kwetu mchungaji huuliza, mbele ya watu wote, nani anayemtoa mwanamke huyu aolewe na mwanamume huyu. Baba yangu hayupo. Kaka zangu wametangulia. Mchungaji aliniuliza nimwandike nani, nikamwambia nitamletea jina. Walikuwapo wapwa wa kiume, watu wazima wenye suti. Lakini mimi nilimtaka mwanangu anitoe, hata kama ni kwa simu, na ikiwa hataki, basi sikuwa na hakika kama ningependa kutolewa na yeyote. Nilikuwa tayari kumwambia yule bwana tuendelee tu na kambare.

Asubuhi moja nikafungua simu, voisi ipo. Nikaketi kibarazani, nikachukua kalamu, maana huandika kwanza kwa mkono.

"Mama shikamoo. Umeamkaje? Mimi niko salama. Mama, Jumamosi ile ya pili ya mwezi nina zamu ya mchana. Niandikie kwa meneja kwamba naitoa hiyo, nachukua Jumapili ya mwenzangu, yule wa jino. Ameshakubali." Hapo nikasikia magari ya kwao yakipita. "Na Mama, najua wewe sababu huwa unazikata. Hii usiikate. Andika kwamba mama yangu anaolewa siku hiyo, na mimi ndiye ninayemtoa. Andika hivyo hivyo."

Niliisikiliza tena. Kisha nikamwita mdogo wangu aje aisikilize, nikitaka shahidi. Alipiga kigelegele kilichowatawanya kuku wa jirani, nami nikalia kilio cha furaha, kile cha kelele, sikujizuia hata kidogo. Alipata pa kupitia, yule mtoto. Mtu wa kati alikuwa meneja wa Kiingereza ambaye sijamwona na ambaye hajui kama mimi nipo.

Ila kuandika ilikuwa shughuli. Mimi ndiye mama anayeolewa, na mimi ndiye mwandishi, na katika barua hiyo mimi ni mtu wa mbali. Kila nikijaribu, Kiingereza changu cha zamani kinanipanda: "tukio adhimu la ndoa takatifu ya mzazi wangu mpendwa wa kike." Nikafuta. Nikaandika ndefu zaidi, nikafuta. Bwana wangu mtarajiwa akapita kuleta unga, akanikuta nimezungukwa na karatasi zilizokunjwakunjwa.

"Mwalimu, leo barua gani inayokutoa jasho hivyo?"

"Ya ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya wewe kunioa," nikasema, na nilipomwekea ile voisi akavua kofia yake akaisikiliza kichwa wazi, kama mtu aliye kwenye maombi. Hakucheka safari hiyo. Alisema tu, "Mtoto amekubali," na akasahau kuutua mfuko wa unga aliokuwa ameushika.

Mwishowe nikaandika mambo matatu yaliyozoeleka, na chini yake sentensi moja ya sababu, fupi, kama mwanangu alivyoisema. Nikatuma.

Meneja akakataa.

Alikataa kwa upole. Alisema anafurahi sana kwa habari hiyo, ila yule mwenzake hajamaliza mafunzo ya dawa, na Jumamosi hiyo mchana mwanangu ndiye pekee wa dawa. Hawezi kuacha zamu nzima bila mtu wa kuwapa wazee vidonge vyao. Hata mimi niliyekuwa na hasira nilijua ana haki. Ningekuwa mtoto wa mmoja wa wazee hao, nami ningetaka hivyo.

Mwanangu hakukata tamaa. Akampata kijana mmoja mwenye mafunzo, akakubali. Tukaandika tena. Ikakataliwa tena, kwa kuwa kijana huyo alikuwa na zamu ya usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo hiyo, na angetoka asubuhi bila kupumzika. Nikajilaumu kwa hilo, maana ratiba mwanangu alikuwa amenitumia picha yake na nilipaswa kuliona. Kuhusu kuingia kanisani kwa simu akiwa kazini, halikuwezekana. Simu zao hubaki kwenye makabati, na mapumziko ya chakula mtu huyapata pale wazee watakapompa nafasi.

Lakini chini ya jibu hilo la pili, meneja aliongeza mstari. Alisema ameitazama ratiba yote kumtafutia njia, na ameona Jumamosi inayotangulia mwanangu yuko mapumziko. Harusi ingekuwa kwenye ratiba yake, ameandika, angeibadilisha mara moja. Mpe mama yako pongezi zangu.

Niliusoma mstari huo mara nyingi. Kisha nikaweka simu chini, nikafunga kanga yangu vizuri, nikamwambia mdogo wangu, "Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kubadilishana zamu."

Mchungaji wetu huzunguka makanisa mengi ya delta na hapa Garsen hufungisha ndoa moja kwa Jumamosi. Jumamosi inayotangulia yetu alikuwa amepewa binti mmoja wa huko mtaa wa chini, mwanafunzi wangu wa zamani. Barabara ilikuwa imekatwa na maji siku hizo, malori yamekwama, na nilikuwa nimesikia sokoni kwamba gauni lake liko Mombasa halijulikani litafika lini. Tulimkuta kwa mama yake, macho yamevimba.

Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumba zote mbili, tukanywa maji. Kisha nikasema moja kwa moja, na hilo nilifunzwa na yule meneja Mwingereza: "Binti yangu, mimi nina Jumamosi ya pili. Wewe una ya kwanza. Nakuomba tubadilishane."

Akanitazama. Akamtazama mama yake.

"Mwalimu, unataka kuolewa mapema?"

"Nataka."

"Haraka ya nini, Mwalimu?" Mama yake akamfinya, lakini naye alikuwa anacheka.

Nikawaeleza yote, ya dawa na ya usiku na ya Jumamosi ya mapumziko. Yule binti akaruka akanikumbatia. Wiki moja zaidi ndiyo aliyokuwa akiiomba kwa Mungu tangu juzi, ila aliona haya kumsumbua mchungaji. Mama yake alitaka kwanza kuwauliza upande wa bwana harusi, kama ipasavyo. Wakapigiwa simu, wakakubali kabla hajamaliza kueleza, maana ndugu zao nao walikuwa wamekwama ng'ambo ya maji.

Nikamwandikia mchungaji. Kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na mwingi wake mtupu: siku ninayotoa, siku ninayochukua, na nani amekubali kubadilishana nami, sahihi zetu maharusi wote wanne chini. Mchungaji alisoma akageuza karatasi kutazama kama nyuma kuna kitu.

"Mwalimu, hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, Mchungaji."

"Wewe? Wewe uliyenichapa kwa kusahau salamu?"

"Dunia imebadilika," nikamwambia.

Lakini mchungaji naye ana sheria zake kama meneja. Akafungua kitabu chake akahesabu matangazo yetu ya ndoa. Mawili yalikuwa yamekwisha kusomwa kanisani, la tatu lingesomwa Jumapili iliyokuja, na Jumamosi yake ndiyo hiyo. Yametosha. Akauliza jina la atakayenitoa, nikalitaja. Akauliza atasimama wapi, nikamwonyesha simu. Akasema kitabu kinataka jibu lisikike kanisani, hakikusema mdomo uwe wapi. Mdogo wangu angenishika mkono, na mwanangu angejibu.

Nilipompelekea mwanangu habari nilivunja desturi nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe. "Nimebadilisha zamu mimi," nikasema. "Wewe pumzika siku yako." Alipiga ukelele mpaka nikaondoa simu sikioni.

Siku yenyewe jua lilitoka safi. Nilivaa gauni la samawati na kanga mpya begani, bwana wangu akavaa suti ambayo ilimjua alipokuwa mnene. Kanisa lilijaa, na nje kulisimama wazee wa Kiorma wenye bakora zao, waliokuja kumsindikiza mtu wao. Mmoja wao, aliyefika tangu alfajiri, alikuwa akimwambia kila anayeingia, "Daktari ya ng'ombe yetu leo napata bibi. Mungu iko." Yule binti tuliyebadilishana naye aliimba kwaya, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mdogo wangu alikuwa na simu mkononi na bando la kutosha. Mwanangu alitokea kwenye kioo, amevaa kitenge nilichomtumia na kilemba kilichokaa upande, na pembeni yake yule mwenzake wa jino, aliyekuja kwake kushuhudia. Kwao ilikuwa ndiyo kwanza asubuhi inaanza. Nilimwona akinitazama. Hatukuwa tumetazamana hivyo tangu habari ya posa.

Tukafika mbele. Mchungaji akasoma, akatazama juu ya miwani yake, akauliza:

"Nani anayemtoa mwanamke huyu aolewe na mwanamume huyu?"

Picha ikaganda. Mwanangu akabaki mdomo wazi, kilemba upande, hatikisiki. Mdogo wangu akainua simu juu, akaipeleka dirishani, akairudisha. Nilisikia mmoja wa wapwa wangu akikohoa, akijiandaa kusimama, nikamgeukia kwa jicho la ualimu naye akakaa. Mchungaji akafunga kidole ndani ya kitabu akangoja. Bwana wangu akanong'ona, "Tungoje, Mwalimu. Hatuna zamu popote." Tukangoja.

Kisha sauti ikarudi kabla ya picha, nzito kidogo, ya mtu aliyekuwa analia na sasa hataki kulia, na haikuwa na barua wala mtu wa kumwandikia.

"Ni mimi. Mimi mwanawe namtoa. Baba, mpokee mama yangu."

Hakuwa amewahi kumwita mtu yeyote hivyo tangu tulipomzika wa kwanza. Bwana wangu akasema, "Nimempokea, mwanangu," kabla mchungaji hajamuuliza lolote, na kanisa zima likalipuka kwa vigelegele.